Herufi Nane za Bagamoyo

Jina la mji wetu lina herufi nane. Wazee wamelifasiri kwa namna mbalimbali, na wengi husema linatokana na kuubwaga moyo, ingawa hawapatani kama aliyeubwaga ni mpagazi aliyetua mzigo baada ya safari ndefu ya bara, au ni mtumwa aliyejua kwamba hatairudia tena nchi yake. Ubishi huo nawaachia wenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu akilitazama jina huanza kwa kuzihesabu herufi zake. Nataka kueleza hapa jambo moja nililolisoma katika herufi hizo, na ugomvi mdogo wa barazani ulionifanya niitafute historia yake.

Tuseme unataka kuandika kila namna ambavyo herufi za BAGAMOYO zinaweza kupangwa, ziwe na maana au zisiwe nayo. Kama herufi zote nane zingekuwa tofauti, mipangilio ingekuwa 40,320, kwa sababu nafasi ya kwanza ina chaguo nane, ya pili saba, ya tatu sita, na kuendelea hivyo mpaka moja. Lakini A zipo mbili na O zipo mbili. Ukibadilishana A na A hakuna anayeona tofauti, na O vivyo hivyo, kwa hiyo hesabu ile hugawanywa kwa nne, na inabaki mipangilio 10,080. Wiki moja ina dakika 10,080 kamili. Mtu akiandika mpangilio mmoja kila dakika, bila kulala wala kula, akaanza Ijumaa adhana ya mchana inaposomwa, atamaliza Ijumaa ya pili saa ile ile.

Shida haiko katika wingi huo peke yake. Shida ni namna ya kuandika bila kuruka hata mmoja na bila kurudia hata mmoja. Mwanafunzi asiyeelekezwa huanza kwa kubahatisha. Huandika kadhaa zinazomjia kichwani, kisha kila apatapo mpya hulazimika kurudi juu ya ukurasa kuangalia kama hakuwahi kuuandika. Akifika mia mbili, muda anaoutumia kukagua unazidi ule anaoutumia kuandika. Akifika elfu moja hana hakika tena ya kitu chochote, na kesho yake akilifungua daftari hajui aendelee kutoka wapi.

Dawa yake ni kufuata mpango wa kamusi. Mstari wa kwanza unakuwa ule ambao herufi zimesimama kwa taratibu ya alfabeti, AABGMOOY, na wa mwisho ni kinyume chake, YOOMGBAA. Kati ya hiyo miwili, kila mpangilio una mahali pake pamoja tu, kama neno lilivyo na mahali pake katika kamusi. Jina la mji wetu, nimelihesabu, ni la 2,582. Sasa swali lote linakuwa moja: ukiwa umesimama juu ya mpangilio fulani, na huoni kingine chochote, utajuaje ule unaoufuata mara moja?

Kanuni yake ina hatua tatu, nami nitazionyesha kwa jina lenyewe.

Chukua BAGAMOYO. Anza kulia kabisa, uje kushoto herufi moja moja, ukiangalia kama zinapanda. Ya mwisho ni O. Kushoto kwake ni Y, ambayo ni kubwa kuliko O katika alfabeti, kwa hiyo bado tunapanda, endelea. Kushoto kwa Y ni O, na hii ni ndogo kuliko Y. Hapo tumeshuka, na hapo ndipo pa kusimama. Herufi hii iliyotusimamisha naiita egemeo, na zote zilizo kulia kwake, yaani YO, naziita mkia. Hiyo ni hatua ya kwanza.

Hatua ya pili ni kutafuta ndani ya mkia herufi iliyo kubwa kuliko egemeo, lakini ndogo kuliko nyingine zote zilizo kubwa kuliko egemeo. Egemeo ni O. Katika mkia kuna Y na O. O haiizidi O, kwa hiyo inabaki Y. Badilishana: Y inakaa mahali pa egemeo, na O inaingia mkiani. Hatua ya tatu ni kuugeuza mkia, wa kwanza uwe wa mwisho na wa mwisho uwe wa kwanza. Mkia sasa ni OO, na kuugeuza hakuleti badiliko. Tumepata BAGAMYOO, na huo ndio mpangilio wa 2,583.

Mfano huo ni mwepesi mno, basi tuendelee mbele kidogo. Kutoka BAGAMYOO tunaanza tena kulia: O, kisha O nyingine, ambayo haiko chini ya ile ya kwanza, kisha Y, kisha M. M ni ndogo kuliko Y, basi M ndiyo egemeo, na mkia ni YOO. Iliyo ndogo kuliko zote zinazoizidi M ni O, na kwa kuwa zipo mbili tunachukua ile ya kulia kabisa. Tukibadilishana tunapata BAGAO, na mkia unakuwa YOM. Tukiugeuza mkia unakuwa MOY. Mpangilio wa 2,584 ni BAGAOMOY.

Kwa nini inafaa? Hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakinyamaza, na ndipo penye utamu. Mkia ule tuliouruka ulikuwa ukishuka tangu kushoto hadi kulia: Y, O, O. Mkia unaoshuka umekwisha nguvu. Herufi zake haziwezi kupangwa tena kwa namna iliyo mbele zaidi katika kamusi. Ni kama kipimo cha mwendo cha gari kinaposoma 1999. Tarakimu tatu za kulia zimefika mwisho wake, kwa hiyo lazima ile ya kushoto isogee, na zenyewe zirudi mwanzo. Egemeo ni ile tarakimu inayosogea. Tunaliinua kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, ndiyo maana hatuchukui herufi kubwa yoyote bali ile iliyo jirani yake kwa juu. Kisha mkia lazima urudi mwanzo wake, yaani upande badala ya kushuka. Hatuhitaji kuuchambua herufi kwa herufi, kwa sababu baada ya kubadilishana bado unashuka vile vile: egemeo limeingia mahali panapolistahili hasa. Kitu kinachoshuka ukikigeuza kinapanda. Basi.

Makosa ya kanuni hii nayafahamu kwa kusahihisha madaftari. La kwanza ni kusahau kuugeuza mkia. Mwanafunzi wa namna hiyo kutoka BAGAMYOO huandika BAGAOYOM, na anadhani amefanya vizuri kwa sababu mstari wake uko mbele ya ule uliotangulia. Kweli uko mbele, lakini ameruka mitano: BAGAOMOY, BAGAOMYO, BAGAOOMY, BAGAOOYM na BAGAOYMO. Kosa hili halionekani kwa kutazama mstari mmoja. Linaonekana mwishoni, anapofika YOOMGBAA mapema mno na hesabu yake haifiki 10,080.

La pili huwapata wale wanaopuuza herufi zinazofanana. Wakiwa juu ya BAGAMYOO huona O mbili zimefuatana kulia, wakasema hapa hatukupanda, basi O hii ya kushoto ndiyo egemeo. Wakibadilishana O na O wanaandika BAGAMYOO tena, na tena, na hawatoki hapo mpaka kengele ya kutokea darasani ilie. Egemeo lazima liwe dogo hasa kuliko jirani yake wa kulia, na mbadala wake lazima uwe mkubwa hasa kuliko lenyewe. Kwa majina kama Pangani na Saadani, yenye herufi zinazojirudia, sharti hili si la mapambo.

Ni vyema niseme pia mpaka wa kanuni yenyewe. Inakupeleka mstari mmoja mbele, wala haipunguzi idadi ya mistari. Herufi kumi zilizo tofauti zina mipangilio 3,628,800. Kumi na mbili zina 479,001,600, na yule mwandishi wetu wa mstari mmoja kwa dakika angehitaji zaidi ya miaka 900. Hata mashine za kasi huchoka baada ya herufi chache zaidi ya hizo.

Sasa nije kwenye ugomvi.

Mjukuu wangu mmoja alisomea kompyuta Dar es Salaam. Siku moja alinikuta nikizipangua herufi hizi, akaniambia, "Babu, hiyo mbona imo ndani ya C++? Unaandika `std::next_permutation` tu, mashine inamaliza." Alinieleza kwamba ilikuja na maktaba ya programu ya Alexander Stepanov na Meng Lee, iliyokubaliwa mwaka 1994 kuingizwa katika lugha hiyo, na lugha yenyewe ikapewa viwango rasmi mwaka 1998. Kwake yeye kanuni ilikuwa na umri wa ujana wake. Nilimwambia kwamba Mholanzi Edsger Dijkstra alikwisha kuifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1976, na kwamba hata huyo hakuwa wa kwanza. Mwaka 1784 Carl Friedrich Hindenburg wa Leipzig aliieleza katika dibaji ya kitabu cha mwenzake, wakati ambapo hapakuwa na mashine ya aina hiyo popote duniani.

Lakini mwanzo wake haupo Ulaya. Mwaka 1356 Mhindi Narayana Pandita alimaliza kitabu chake cha hesabu, Ganita Kaumudi, na ndani yake mna sura nzima juu ya kupanga tarakimu, yenye kanuni ya kuiorodhesha mipangilio kwa taratibu. Na karne moja kabla yake, mwanamuziki Sharngadeva, aliyeishi katika himaya ya wafalme wa Devagiri, alikuwa amefanya jambo hilo hilo kwa sauti za muziki. Sauti saba zina mipangilio 5,040, naye alitaka kuziandika zote katika kitabu chake Sangitaratnakara bila kupotea njia.

Kanuni ya Sharngadeva inastahili kutazamwa, kwa kuwa ni yetu ile ile iliyotazamwa katika kioo. Yeye alianza kushoto badala ya kulia. Chukua sauti tatu, Sa, Ri, Ga, kwa taratibu yao ya kupanda. Kutoka kushoto tafuta sauti ya kwanza ambayo kushoto kwake kuna iliyo chini yake. Mahali pake weka ile iliyo karibu nayo zaidi kwa chini. Za kulia zinakili kama zilivyo. Na nafasi za kushoto zijaze kwa zilizobaki, zikiwa katika taratibu yao ya asili. Kutoka Sa Ri Ga unapata Ri Sa Ga, kisha Sa Ga Ri, kisha Ga Sa Ri, kisha Ri Ga Sa, na mwisho Ga Ri Sa. Ni sita, hakuna iliyorudiwa. Msomaji akipenda azisome kutoka kulia, akiihesabu Ga kuwa ya kwanza na Sa ya mwisho, ataona mpango wa kamusi umesimama mbele yake.

Nilipoyasimulia hayo barazani, sheikh mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, hakupendezwa. "Mwalimu," aliniambia, "umetupeleka Ulaya, ukatupeleka Bara Hindi, na umempita al-Khalil." Alikuwa na hoja. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi wa karne ya nane, mtu wa kabila la Azd la Oman aliyefundisha Basra, ndiye aliyeweka elimu ya arudhi, neno ambalo washairi wetu wa pwani wanalitumia mpaka leo. Ndiye pia aliyeanzisha kamusi ya kwanza ya Kiarabu, Kitab al-Ayn. Katika kamusi hiyo aliyakusanya maneno kwa kuzipindua herufi za asili yao. Chukua kafu, ta na ba, ambazo kwetu zimetuletea kitabu, katibu, maktaba na mkataba. Herufi hizo tatu zina mipangilio sita, na al-Khalil huiweka yote sita mahali pamoja, akitenga inayotumiwa na Waarabu na ile iliyoachwa. Alijua kwamba herufi mbili hutoa miwili, tatu hutoa sita, nne hutoa 24, na tano hutoa 120.

Sheikh alikuwa akitayarisha kijitabu kwa ajili ya watoto wa madrasa, na alitaka nimwandikie ukurasa mmoja. Sentensi aliyoitaka ilikuwa hii: kwamba kanuni ya mpangilio unaofuata iligunduliwa na al-Khalil, ikafika pwani yetu kwa majahazi ya Oman. Ilikuwa sentensi nzuri. Mtoto wa Bagamoyo akiisoma angekaa wima. Na nani asiyejua kwamba majahazi yalikuja kweli, na kwamba mji huu ulikuwa chini ya masultani wa Zanzibar wenye asili ya Oman mpaka Wajerumani walipoingia?

Nilikataa kuiandika, na tulinuniana siku kadhaa. Hoja yangu ilikuwa kwamba kuhesabu mipangilio ni jambo moja, kuikusanya pamoja ni jambo la pili, na kuwa na njia ya kutoka mmoja hadi unaoufuata ni jambo la tatu. Al-Khalil alifanya la kwanza na la pili, na alivifanya mapema kuliko wote niliowataja hapa. La tatu hakuhitaji kulifanya, kwa kuwa aliyekwisha kuzipindua herufi tatu mara sita anaiona kazi yote kwa jicho moja. Kanuni ya hatua huhitajika pale kazi inapouzidi uwezo wa kukumbuka. Sharngadeva alikuwa na sauti saba na mistari 5,040. Yeye alibanwa na kazi yake, na aliyebanwa ndiye huitafuta njia.

Sheikh aliniuliza, basi hao Wahindi waliwafundisha Wajerumani? Nilimjibu kwamba hapana haja ya kulidai hilo pia. Mtu yeyote atakayeandika mipangilio kwa mpango wa kamusi, mstari chini ya mstari, kwa siku mbili tatu, ataona kwamba upande wa kushoto unatulia na wa kulia unacheza, na kwamba upande wa kulia ukishamaliza kushuka ndipo jirani yake husogea. Kanuni imo ndani ya orodha yenyewe, inamngoja atakayeitazama kwa saburi. Ndiyo maana imegunduliwa zaidi ya mara moja, na kufanana kwa majibu peke yake hakutoshi kuonyesha kwamba mmoja alimnakili mwenzake.

Mwishowe nilimwandikia ukurasa wake, naye aliupokea. Ndani yake al-Khalil anatajwa kwa alichokifanya: kuzipindua herufi na kuzihesabu. Sharngadeva na Narayana wanatajwa kwa walichokifanya: kutoka mstari mmoja hadi wa pili. Chini yake kuna zoezi la neno KAOLE, lililo jepesi kwa sababu herufi zake tano zote ni tofauti na mipangilio yake ni 120, sawa na hesabu ya al-Khalil kwa herufi tano. Mstari unaofuata KAOLE, mtoto akianzia kulia, ataona E, kisha L inayopanda, kisha O inayopanda, kisha A iliyoshuka. Egemeo ni A, mkia ni OLE, mbadala ni E, na baada ya kuugeuza mkia anapata KEALO.

Sheikh alilifanya zoezi hilo mwenyewe kwa kalamu, pale pale barazani, akaendelea mpaka mistari kama kumi na mitano. Kisha aliinuka kwenda kuswali na kuliacha daftari wazi. Aliporudi hakuangalia juu ya ukurasa. Aliusoma mstari wa mwisho tu, akatia kidole kwenye herufi ya kulia kabisa, akaendelea.